Oda ya Ntinda inakubakizia nini?

*"Mzee wangu, tuna kampuni changa ya kupeleka chakula Kampala, makao yetu ni Ntinda. Kwa mwezi tunapokea oda 3,000 hivi. Mteja wa wastani analipia chakula cha 32,000 na 3,500 ya kupelekewa, popote alipo. Mkahawa unatuachia asilimia 20, boda tunamlipa 5,000. Nilimwambia mwekezaji kwamba kila oda inatuachia 4,900 na kila mteja mpya anatugharimu 6,000, kwa hiyo pesa ya kumpata mteja inarudi kwenye oda ya pili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nirudi nikiwa na hesabu kamili. Sikudanganya hata tarakimu moja. Anataka nini?"*

Ndugu yangu, anza na jaribio ambalo nadhani mwekezaji alilifanya kichwani kabla hujamaliza kuongea. Oda 3,000 mara 4,900 ni shilingi 14,700,000 kwa mwezi. Kabla ya kulipa pango la ofisi, mishahara na matangazo, je, akaunti yenu huwa na pesa hiyo mwisho wa mwezi? Nina hakika haina, maana ingekuwa nayo usingekuwa na haraka ya kumtafuta mwekezaji. Basi kati ya karatasi yako na benki kuna gharama zinazopita bila kuandikwa, na anachotaka ni uzitaje moja moja mpaka karatasi na akaunti zikubaliane.

Hukuniandikia kila kitu, kwa hiyo palipo na pengo nitajaza makadirio ya kampuni ya ukubwa wako. Toa yangu, weka yako. Mpangilio ndio wa kushika.

Neno la kwanza ni mchango wa oda. Huo ni pesa inayobaki baada ya kutoa kila gharama ambayo isingekuwepo kama oda hiyo isingepigwa. Pango la ofisi halimo, kwa sababu mwenye nyumba anadai oda ziwepo zisiwepo. Mshahara wa mtengenezaji wa programu haumo pia. Malipo ya boda yamo, na yamo mengine mengi ambayo hukuyahesabu.

Umeanza na mapato ya 9,900, yaani kamisheni 6,400 na ada ya kupeleka 3,500. Humo ndani kuna mgeni. Mauzo yenu kwa mwaka, hata ukihesabu kamisheni na ada peke yake, yanazidi shilingi milioni 300, na kizingiti cha kujiandikisha kwa kodi ya ongezeko la thamani Uganda kwa miaka mingi kimekuwa milioni 150. Kodi hiyo ni asilimia 18. Kama mkataba wenu na mikahawa unasema asilimia 20 bila kutaja kuwa kodi inaongezwa juu, basi kodi imo ndani ya hiyo 20. Toa 18 katika kila 118, na 9,900 inakuwa 8,390. Shilingi 1,510 ni za serikali, ninyi mnazibeba tu mpaka siku ya kuziwasilisha.

Hapa watu hunijibu kwamba kodi waliyolipa kwenye manunuzi inarudishwa. Ni kweli kwa manunuzi yenye ankara ya kodi, lakini gharama yenu kubwa kuliko zote ni boda, na mwendesha boda hajaandikishwa kwa kodi hiyo. Malipo yake hayakupi chochote cha kukata. Ndiyo maana kodi hii inauma kampuni za kupeleka kuliko inavyouma duka. Kama ada ya kupeleka kisheria ni mali ya boda na ninyi mnaikusanya kwa niaba yake, hesabu inabadilika. Mpe mhasibu mkataba wa boda ausome kabla hujamwonyesha mwekezaji, kwa sababu mwanasheria wa mwekezaji atausoma, kisha ataulinganisha na risiti zenu kwenye EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi Uganda.

Sasa boda. Umesema 5,000, nami naamini ndicho kiwango kilichoandikwa kwenye programu yenu. Lakini usitumie kiwango. Chukua jumla ya pesa zote mlizowatumia waendesha boda mwezi mzima kwenye taarifa ya MTN na Airtel, ugawe kwa oda zilizofika mlangoni. Ndani ya jumla hiyo kuna nyongeza ya siku za mvua, kuna dhamana mliyowawekea ya saa za mchana hata kazi ikiwa haba, kuna safari ya mteja ambaye simu yake ilizimwa chakula kikiwa getini. Na kigawanyo pia kinapungua, kwa sababu oda zilizopigwa si oda zilizofika. Tuseme kati ya 3,000 zimefika 2,800, na boda wamelipwa jumla ya 16,800,000. Oda moja imekula 6,000. Katika 8,390 sasa umebaki na 2,390.

Zilizobaki ni ndogo, nitazipita haraka. Mtandao wa simu unakata kwa pesa yote inayopita mikononi mwenu, yaani 35,500, haukati kwa kamisheni yenu peke yake. Ukikubaliana nao asilimia 1.5, ni 530, na ukiongeza gharama ya kuwatumia mikahawa na boda malipo yao, weka 650. Chakula kilichomwagika, oda iliyokosewa na pesa taslimu isiyorudi ofisini: kama ni oda 2 katika kila 100 mnazolipia chakula chote, ni 640 kwa kila oda. Watu wa zamu wanaopokea simu za malalamiko, pamoja na salio na ujumbe mfupi, 300. Punguzo mnalowapa wateja wa zamani ili wasilale, 200. Punguzo la oda ya kwanza usiliweke hapa. Nitalirudia, na likae sehemu moja tu.

Jumlisha hizo nne utapata 1,790. Mchango wa oda yenu ni shilingi 600, na ukizidisha kwa oda 2,800 ni 1,680,000 kwa mwezi, siyo 14,700,000. Nadhani hiyo ndiyo tarakimu inayofanana na unachokiona benki.

Usivunjike moyo na hiyo 600, kwa sababu ni wastani, na wastani wa kazi ya kupeleka huficha biashara mbili zenye tabia tofauti kabisa. Ningekuwa wewe, ningetumia nusu ya muda wa mazungumzo hapa.

Ada yenu ni 3,500 popote mteja alipo. Mteja wa Bukoto, Kisaasi au Nakawa yuko kilomita 3 hivi kutoka mikahawa ya Ntinda. Mteja wa Muyenga au Kira analipa ileile, na boda anavuka mji au anapanda mpaka Kira kisha anarudi mikono mitupu, maana huko ninyi hamjaandikisha mkahawa wa kumpa oda ya kurudi nayo. Gawanya oda zako kwa umbali. Tuseme 1,600 ni za karibu na 1,200 ni za mbali, na boda wamelipwa 7,200,000 kwa zile za karibu na 9,600,000 kwa zile za mbali. Oda ya karibu imemlipa boda 4,500, ya mbali 8,000. Mengine yote yakiwa sawa, oda ya karibu inachangia 2,100. Oda ya mbali inapoteza 1,400.

Zidisha uone: za karibu zinaleta 3,360,000, za mbali zinakula 1,680,000. Nusu kamili ya mnachochuma Ntinda inaishia barabarani kwenda Muyenga na Kira. Na kadiri tangazo lenu linavyofika mbali zaidi, ndivyo mnavyoongeza oda za kundi la pili, na ndivyo kampuni inavyokua huku akaunti ikipungua.

Sababu iliyo chini ya hesabu hii ni saa ya boda. Mwendesha boda hauzi kilomita, anauza saa yake pamoja na petroli na, mara nyingi, kodi ya pikipiki anayompelekea mwenye chombo kila jioni. Kama saa ya kazi haimpi kitu cha karibu 9,000, anarudi stejini kubeba abiria. Akipeleka oda 2 kwa saa, kila moja inamlipa 4,500 na ameridhika. Akipeleka moja na kidogo, ni lazima kila moja imlipe 8,000 au utamkosa. Kwa hiyo tarakimu ya kuifuatilia kila siku, kuliko idadi ya oda, ni oda ngapi boda mmoja anamaliza kwa saa.

Umbali ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni jikoni. Ukihesabu saa kuwa 9,000, dakika 10 za boda kusimama mlangoni akisubiri kuku akaangwe ni 1,500, na hiyo inameza sehemu kubwa ya mchango wa 2,100. Mkahawa unaokupa kamisheni nono ya asilimia 25 lakini unachelewesha kila oda unaweza kukugharimu kuliko ule wa asilimia 18 unaotoa chakula kikiwa tayari boda anapoegesha. Programu yenu inajua muda boda alipofika mkahawani na muda alipoondoka. Panga mikahawa kwa muda huo wa kusubiri, mrefu juu, mfupi chini, na uone ni mingapi ya juu unayoweza kuizungumzia au kuiacha. Mwekezaji akiona umeipanga hivyo, ataelewa kwamba unajua mchango unatoka wapi na unavujia wapi.

Kuhusu oda za mbali una njia mbili za maana. Ya kwanza ni kupandisha ada. Lakini kumbuka kodi na makato ya simu: ili kufidia 1,400 utalazimika kumwongezea mteja karibu 1,700, na hapo umefika sifuri tu, hujachuma kitu. Baadhi watakubali, wengi wataondoka, na wakiondoka hukupoteza chochote. Ya pili ni kuwahudumia watu wa Kira kutoka mikahawa ya Kira, yaani kufungua eneo jipya lenye boda wake na jiko zake karibu. Njia hiyo inahitaji mtaji, na ndiyo sababu halali ya kuomba pesa. Kupunguza malipo ya boda nakusihi usiiweke kwenye mpango. Wanazungumza stejini, na siku ya mvua, siku ambayo oda ni nyingi kuliko zote, utabaki na oda zisizo na mtu wa kuzibeba.

Tuje kwa mteja mpya. Umesema 6,000. Nakisia mlitumia 6,000,000 kwenye matangazo ya mitandaoni, watu 1,000 wakapakua programu na kujiandikisha, ukagawa. Lakini aliyejiandikisha bado si mteja. Mteja ni yule ambaye oda yake ya kwanza imefika na imelipiwa. Tuseme hao ni 400 ambao mliwavuta kwa pesa, na kuna wengine 100 waliokuja wenyewe kwa kuona mkoba wa boda wenu barabarani. Hao 100 wafurahie, lakini usiwaingize kwenye kigawanyo. Ukiwachanganya, utafanya matangazo yaonekane rahisi kuliko yalivyo, na siku utakapozidisha bajeti ya matangazo mara 3, wanaokuja wenyewe hawatazidi mara 3.

Juu ya mstari wa mgawanyo weka kila kilichotumika kuwaleta. Matangazo ya mitandaoni 6,000,000. Vijana mnaowatuma kwenye majengo ya ofisi na nyumba za kupanga wakiwa na fulana na vipeperushi, 1,600,000. Zawadi ya 5,000 kwa mteja aliyemleta rafiki, kwa watu 80, ni 400,000. Na lile punguzo la 5,000 la oda ya kwanza kwa wote 400, ambalo niliahidi kulirudia, ni 2,000,000. Jumla ni 10,000,000. Ugawe kwa 400: mteja mmoja ni 25,000, mara 4 na zaidi ya ulivyomwambia mwekezaji.

Punguzo la oda ya kwanza limekaa hapa kwa sababu ni bei ya kumpata mtu. Wapo wanaoliweka kwenye mchango wa oda, na hilo linaruhusiwa ukilitangaza. Kosa ni kuliacha nje ya pande zote mbili, na hilo huonekana upesi, maana jumla ya mapato ya kwenye programu haitalingana na iliyoingia benki.

Sasa kurudisha. Hesabu ya 25,000 kugawa kwa 2,100 inasema oda 12. Swali ni hizo oda 12 zinachukua muda gani kufika, na je, mteja atakuwepo? Hapo huwezi kutumia wastani wa wateja wote, kwa sababu wastani huo unabeba wale wa tangu mwanzo, mashabiki wenu, na unawafunika waliojaribu mara moja wakapotea. Chukua kundi la watu waliopiga oda ya kwanza mwezi mmoja, tuseme Machi, ulifuate mwezi baada ya mwezi bila kuongeza mtu mpya.

Kwa kila watu 100 wa kundi hilo, wa maeneo ya karibu, tuseme mwezi wa kwanza wamepiga oda 150, ya kwanza ikiwemo. Mwezi wa pili wamebaki 40 wanaoagiza, kila mmoja mara 3, jumla 120. Wa tatu wamebaki 30, oda 90. Wa nne 27, oda 81. Wa tano 25, oda 75. Wa sita 24, oda 72. Kuanzia hapo tuseme zinapungua taratibu, oda 2 hivi kila mwezi. Umbo hilo la kushuka ghafla mwanzoni kisha kutulia ni la kawaida katika biashara ya chakula. Kama lako halitulii, yaani kila mwezi linaendelea kushuka kwa kasi ileile, acha kutangaza kabisa mpaka ujue kwa nini watu hawarudi, maana hakuna bei ya kumpata mteja itakayokuokoa.

Kundi hilo limepiga oda 588 kwa miezi 6. Kwa mchango wa 2,100 limerudisha 1,234,800. Kulipata mlitumia 2,500,000. Hata nusu haijafika. Ukiendelea kujumlisha kwa mwendo huo, pesa inarudi mwezi wa 16. Na hiyo ni kwa wateja wa karibu. Ukitumia wastani wa 600, kundi linahitaji kupiga oda zaidi ya 4,100, na haliishi muda huo. Mwekezaji anayejua kwamba mkopo wa benki Kampala unatoza riba ya karibu asilimia 18 hadi 20 kwa mwaka hawezi kukufungia pesa miezi 16 kwa biashara isiyo na dhamana, isipokuwa umwonyeshe njia ya kuufupisha muda huo.

Njia ipo, na imo ndani ya ile 10,000,000. Igawe kwa mlango ambao mteja ameingilia. Tuseme waliotoka mitandaoni ni 200: matangazo 6,000,000 na punguzo lao 1,000,000, kila mmoja 35,000. Walioletwa na vijana wa mtaani ni 120: 1,600,000 na punguzo 600,000, kila mmoja karibu 18,300. Walioletwa na rafiki ni 80: zawadi 400,000 na punguzo 400,000, kila mmoja 10,000. Kwa umbo lilelile la kundi, aliyeletwa na rafiki anarudisha pesa yake ndani ya mwezi wa 5, wa vijana wa mtaani mwezi wa 11, na wa mitandaoni anapita miaka 2.

Nimetumia umbo moja kwa milango yote ili hesabu ifuatike. Wewe fuata kila mlango na kundi lake, kwa sababu watu wake hawafanani. Aliyeletwa na jirani wa ghorofa moja kwa kawaida anakaa. Aliyefuata tangazo la punguzo mara nyingi anaondoka punguzo likiisha, na kama tangazo limemfikia akiwa Muyenga, kila oda yake inaongeza hasara juu ya 35,000 ya kumpata.

Mlango wa rafiki una hatari mbili ambazo mwekezaji atazigusa. Ya kwanza ni wizi mdogo: mtu ananunua laini nyingine ya simu, anajialika mwenyewe, anachukua zawadi na punguzo pamoja. Utaitambua ukipanga wateja wapya kwa mahali chakula kinapopelekwa. Namba 4 za simu zinazoagiza kwenye mlango mmoja ndani ya wiki mbili, kila moja mara moja tu, ni mtu mmoja. Dawa yake ni kutoa zawadi baada ya oda ya tatu ya aliyeletwa, siyo ya kwanza. Hatari ya pili ni ukomo. Kupata wateja 80 kwa 10,000 kila mmoja hakumaanishi utapata 800 kwa bei hiyo. Ukipandisha bajeti, angalia wateja wa ziada waligharimu kiasi gani, yaani nyongeza ya pesa kugawa kwa nyongeza ya watu. Bei hiyo ya wa mwisho ndiyo mwekezaji ananunua kwa pesa yake, kwa sababu wa mwanzo mmekwisha kuwapata.

Sasa utakaa vipi mbele yake? Mwambie mapema kwamba wastani wa oda yote ni 600, kabla hajauliza, kisha umwonyeshe 2,100 na hasara ya 1,400 zikiwa zimetenganishwa. Mwambie mmefanya nini tayari kuhusu hasara hiyo, siyo mtakachofanya akishawapa pesa. Kupandisha ada ya mbali na kusimamisha tangazo la mitandaoni hakuhitaji mtaji. Fanya wiki hii, na ukirudi baada ya miezi miwili utakuwa na makundi mawili mapya ya kumwonyesha badala ya ahadi.

Mwonyeshe pia shimo ambalo mchango unapaswa kulijaza. Kama pango, mishahara na seva vinafika 20,000,000 kwa mwezi, unahitaji oda za karibu zipatazo 9,500 kwa mwezi ili mjisimamie, na leo mna 1,600. Hiyo ni mara 6. Mwambie zitatoka wapi: ngapi kwa kuongeza wateja ndani ya zile kilomita 3, ngapi kwa kufungua Kira au Najjera kwa mpango uleule wa jiko na boda wa karibu. Eneo jipya litakula pesa miezi ya mwanzo kwa sababu boda watakuwa na dhamana ya saa bila oda za kutosha kuijaza. Liandike hilo kwenye karatasi kama gharama ya kufungua, na useme baada ya oda ngapi kwa saa utaliona limesimama, au utalifunga.

Jitayarishe kwa maswali mawili. La kwanza ni petroli. Kama malipo ya boda ya karibu yakipanda kutoka 4,500 hadi 5,000, mchango unashuka hadi 1,600, na mteja wa rafiki anarudisha mwezi wa 7 badala ya wa 5. Bado inabebeka, na uzuri ni kwamba umeshaihesabu. La pili ni Jumia Food. Desemba 2023 kampuni ile ilitangaza kufunga huduma ya chakula katika nchi 7, Uganda, Kenya na Nigeria zikiwemo, na kila mwenye pesa hapa Kampala analikumbuka. Usijibu kwamba ninyi mna bidii zaidi. Jibu kwa oda kwa saa, kwa umbali, na kwa kundi la Machi. Kama boda wa Ntinda anamaliza oda 2 kwa saa na kundi linatulia kwenye mwezi wa nne, hayo ni mambo anayoweza kuyapima mwenyewe.

Ili aweze kuyapima, mpelekee jedwali la oda zote za miezi 6, mstari mmoja kwa kila oda: tarehe, namba ya mteja iliyofichwa, mlango alioingilia, umbali, kamisheni, ada, malipo halisi ya boda, dakika za kusubiri jikoni, marejesho. Simu na majina ya wateja yasiwemo. Kando yake weka taarifa za MTN, Airtel na benki za miezi hiyohiyo. Kisha kabla hujamtumia, kaa na mhasibu wako mfanye lile jaribio la mwanzo kwa kila mwezi: mchango wote, utoe gharama za kudumu, utoe pesa za kuwapata wateja, mlinganishe na salio lilivyosogea. Pesa za mikahawa ambazo hamjawalipa zitoe kando kwanza, kwa sababu zinakaa kwenye akaunti yenu siku kadhaa na kufanya salio lionekane limeshiba. Tofauti ikibaki ndogo na mnaweza kuieleza, peleka. Ikibaki kubwa, kuna gharama nyingine ambayo bado haijaandikwa, na mara nyingi iko kwenye pesa taslimu za boda.